Je, Wajua? Shilingi Ngapi Kusaga Kilo Moja?

Je, wajua kwamba umeme wa kusaga kilo moja ya dona unaweza kuwa shilingi 20 tu? Chukua mashine ya Tanzania yenye mota ya hospawa 20. Ikifanya kazi kwa nguvu zote, inakula kama uniti 16.5 kwa saa, na kwa uniti ya LUKU ya shilingi 356, kodi ndani, hiyo ni shilingi 5,874. Ikisaga kilo 300 ndani ya saa hiyo, gawanya mwenyewe uone!

Na je, wajua kwamba nyundo butu zinaiba kuliko mwizi? Kona zake zikishakuwa mviringo, mashine ileile inaweza kushuka hadi kilo 200 kwa saa huku mota ikiendelea kula umeme uleule. Kilo moja inapanda hadi shilingi 29! Kwa tani 26 kwa mwezi, hapo umepoteza zaidi ya shilingi 250,000. Shika unga unapotoka: ukiwa wa moto kuliko siku zote na foleni haiendi, fungua mashine utazame nyundo.

Usikimbilie dukani, ngoja kwanza! Nyundo yenye tundu pande zote mbili ina kona nne za kazi. Kona moja ikiisha, igeuze. Ya pili ikiisha, badili ncha. Nyundo moja, maisha manne! Ila zigeuze zote kwa pamoja, na ukinunua mpya, zinazotazamana ziwe na uzito sawa. La sivyo mashine itatetemeka, na beringi ndizo zitakazolipa.

Chekeche nalo? Likitoboka, wateja watakwambia kabla hujaliona: unga unatoka na chenga. Mkanda ukilegea, utausikia ukipiga kelele na kunusa mpira unaoungua. Tuseme unatenga shilingi 100,000 kwa mwezi kwa matengenezo yote hayo. Kwa tani 26, ni kama shilingi 4 tu kwa kilo!

Sasa sikia hili, ndilo linalonishangaza kuliko yote. Msagaji anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, mashine ikisaga kilo 1,000 kwa siku kwa siku 26, anagharimu chini ya shilingi 8 kwa kilo. Jumla ya gharama zote tatu: kama 32. Lakini wateja wakipungua hadi kilo 250 kwa siku, mshahara uleule unakuwa karibu shilingi 31 kwa kilo! Umeupita umeme, na jumla imeruka hadi 55 hivi hata matengenezo yakibaki shilingi 4 kwa kilo, bila LUKU kupanda hata senti moja wala nyundo kuvunjika.