Dakika Ishirini za Baba na Mama

"Umeme umebaki kidogo." "Mwalimu anataka daftari mbili." "Kesho nani atamchukua mtoto shuleni?" Mpenzi mama, kumbuka ulichozungumza na mumeo jana jioni. Kama yalikuwa hayo tu, nyumba yenu inakwenda, lakini huenda hujui kilichomkosesha mwenzako raha kazini, wala yeye hajui kilichokuliza wewe.

John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza maisha ya wanandoa kwa miaka mingi, alieleza dawa moja ndogo katika kitabu alichoandika pamoja na Nan Silver mwaka 1999. Anashauri mume na mke wakutane kwa dakika 20 kila siku ya kazi, kila mmoja aeleze yaliyomchosha siku hiyo. Lakini kuna sharti: mazungumzo hayo yawe juu ya mambo ya nje ya ndoa, kama vile kazi, majirani, ndugu au safari. Malalamiko ya mume na mke wenyewe yatafutiwe wakati mwingine.

Jinsi ya kuanza

Chagueni saa moja isiyobadilika. Usimpokee mlangoni kwa maswali. Wapo wanaohitaji kwanza kuoga na kula. Kwa wengi, wakati mzuri ni watoto wakishalala. Zimeni televisheni, simu ziwekwe mbali. Mmoja aseme kwa dakika kumi, kisha mwenzake naye achukue zake kumi.

Usiulize, "Habari za kazi?" maana jibu lake ni "Nzuri," na mazungumzo yameishia hapo. Uliza, "Leo kitu gani kimekuchosha zaidi?"

Anayesikiliza ana kazi mbili: kuelewa, na kuwa upande wa mwenzake. Ushauri usubiri mpaka uombwe.

Tuchukue mfano

Tuseme Mama Neema ni muuguzi, na mumewe ni fundi seremala. Jioni ya kwanza Mama Neema anasema, "Leo mkubwa wangu amenifokea mbele ya wagonjwa." Baba Neema anajibu haraka, "Ungemwandikia barua. Wewe unanyamaza mno." Mama Neema anainuka kwenda kuosha vyombo. Mume alikusudia kusaidia, lakini mkewe amesikia kwamba kosa ni lake.

Jioni ya pili wanaanza upya. Safari hii Baba Neema anauliza, "Katika yote yale, kipi kilikuuma zaidi?" Mama Neema anafikiri kidogo. "Si kufokewa. Pale foleni alikuwapo mama mmoja ninayeimba naye kwaya. Sasa atanionaje?" Mumewe anasema, "Pole, mama. Hata mimi ningeona aibu. Hakukutendea haki." Barua haikuandikwa, na mkubwa yule bado yupo kazini. Hata hivyo, mzigo sasa unabebwa na watu wawili.

Zamu ya Baba Neema inafika. Anasema kwamba mteja aliyechukua kabati kwa mkopo hajaleta fedha, na hapokei simu. Hapa Mama Neema anajaribiwa, maana maneno yako mdomoni: "Si nilikwambia usimkopeshe?" Hata kama ni kweli, neno hilo lingegeuza habari ya mteja kuwa ugomvi wa mume na mke. Anauliza, "Inakupa wasiwasi gani?" Ndipo anaambiwa jambo ambalo hakulijua: kijana anayemsaidia mumewe hajalipwa, na mumewe anaona haya kumtazama usoni.

Suala la kukopesha lipo, tena linagusa fedha za nyumba. Wanapanga kulizungumza Jumamosi mchana, wakiwa wamepumzika.

Yanapoharibika

Utajua mazungumzo yametoka njiani ukisikia "wewe kila siku" au "wewe kamwe", au mwenzako akianza kujibu kwa neno moja moja na kuangalia pembeni. Usiendelee kumsukuma. Sema, "Nadhani nimekushauri kabla sijakuelewa. Hebu nieleze tena." Kama amechoka mno, acheni mpaka kesho saa ileile.

Wako pia waume wasiozoea kusimulia. Usimhoji kama polisi. Anza wewe kwa jambo dogo la siku yako, halafu mwachie nafasi, hata akikaa kimya kidogo.

Ila zoezi hili lina mpaka wake. Halikusudiwi kutibu uhaini wa ndoa, ulevi, wala kipigo. Mama anayemwogopa mumewe asilazimike kumfunulia moyo kila jioni. Huyo anahitaji kwanza usalama, na mtu mzima anayemwamini wa kumsaidia.

Kwa wengine, jioni ya leo inatosha kuanza. Umeme na daftari vizungumzeni wakati wa chakula, ili dakika ishirini zibaki zenu wawili.