Kwa nini kinyonga wa Nairobi hatagi mayai

MTU anayekata ua wa kayaba katika mtaa wa Mountain View, kando ya Barabara ya Waiyaki, huenda akakutana na kinyonga mwenye pembe usoni. Akimwona tumbo limemvimba, atasema kuwa ana mayai. Atakuwa amesema kweli, ila mayai hayo hayatatagwa kamwe.

Mnyama huyo ni kinyonga wa Jackson, mkazi wa nyanda za juu za Kenya. Wanasayansi walipomweleza mara ya kwanza mwaka wa 1896, walimpa jina la Frederick Jackson, afisa wa serikali ya Kiingereza ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Dume lake hutambulika kwa pembe tatu zilizochongoka mbele ya uso.

Ili kuelewa uzazi wake, yafaa kwanza kutazama njia mbili tunazozifahamu nyumbani.

Kuku hutaga. Chakula chote cha kifaranga kimo ndani ya yai, hasa katika kiini, na gamba hulinda akiba hiyo. Mama huliatamia yai kwa siku 21 ili kulipatia joto, lakini halilishi.

Ng'ombe huzaa. Ndama hukua tumboni kwa takriban miezi tisa, akipokea chakula kutoka kwa damu ya mamake kupitia kondo la nyuma. Mama akikosa malisho, mtoto naye huathirika.

Kinyonga wa Jackson amesimama kati ya hao wawili. Mayai yake hayana gamba gumu, bali utando mwembamba, nayo hubaki tumboni hadi watoto wakomae. Watoto hao hula kiini cha yai kama kifaranga, huku mama akiwapatia maji, hewa na mahali salama.

Mimba hiyo huchukua miezi mitano hadi sita, wakati mwingine zaidi. Siku ya kujifungua, mama hutembea juu ya matawi akiwaangusha watoto mmoja mmoja, kila mmoja akiwa ndani ya utando unaonata. Mtoto hujinyoosha, huupasua utando na kuanza kupanda tawi. Mara nyingi huzaliwa kati ya wanane na 30, na mama hawalei.

Mfanye mlinganisho na kinyonga wa pwani, yule mwenye vibapa vya ngozi nyuma ya kichwa. Huyo hushuka mtini, huchimba shimo kwa miguu, hutaga mayai kwa dazeni, huyafukia na kuondoka. Mayai hukaa ardhini miezi mingi, yakitegemea joto la udongo.

Hapo ndipo penye jibu la swali letu. Udongo wa pwani una joto karibu mwaka mzima. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, huwa na baridi na mawingu mwezi wa Julai, na yai lililofukiwa katika kivuli lingekua polepole mno au kuoza.

Mama mwenye mimba hana shida hiyo. Asubuhi hupanda penye jua, huugeuza ubavu wake na kuusawijisha ili unase joto, kisha hujificha jua likizidi. Wataalamu wengi wanaamini kuwa hii ndiyo sababu kuu ya mijusi na nyoka wengi wa nchi za baridi kuzaa badala ya kutaga.

Hata hivyo, si baridi pekee inayoeleza jambo hili. Nyoka aina ya kifutu hukaa hata kwenye mbuga zenye joto, na bado huyahifadhi mayai tumboni. Kifutu mmoja kutoka Kenya, aliyefugwa katika bustani ya wanyama nchini Cheki, alizaa watoto 156 kwa mkupuo mmoja.

Mipaka ya makundi haya matatu pia si ukuta. Wapo mijusi ambao mama huongezea kiini chakula kidogo kutoka mwilini mwake, na kwa sababu hiyo wataalamu wengine huwahesabu wote hao kuwa wanyama wanaozaa. Swali la kuuliza ni moja: mtoto analishwa na kiini, au analishwa na mama?

Njia ya kinyonga wetu ina gharama yake. Kinyonga wa pwani akiuawa baada ya kutaga, kizazi chake kimebaki udongoni. Jike wa Jackson hubeba kizazi chote kwa miezi kadhaa, akiwa mzito na mwepesi wa kukamatwa. Anayempiga kwa hofu, au kumkata kwa panga pamoja na ua, huwaua wote kwa pigo moja.

Kwa hivyo, kabla ya kukata kayaba asubuhi ya baridi, tazama kwanza matawi ya juu yanayopigwa na jua. Ukimwona kinyonga mweusi ubavuni na mnene tumboni, mwache apande kijiti, kisha umsogeze kwenye mti wa jirani.