Fahamu: Kunukuu ukurasa wa mtandao unaobadilika

Ukurasa wa KWS wenye ada za kuingia Hifadhi ya Mlima Kenya huandikwa upya ada zinapobadilika, ilhali anwani yake yaweza kubaki ileile. Mwanafunzi wa Nyeri anayeunukuu huibandika anwani hiyo kwenye web.archive.org/save, kisha hunukuu anwani ya nakala iliyohifadhiwa pamoja na ile ya asili.

Tarakimu 14 zilizo ndani ya anwani ya nakala ni wakati wa kuhifadhiwa, si wa kuchapishwa, nazo hufuata saa za UTC. Hivyo 20250930223000 ni saa 7:30 usiku wa kuamkia Oktoba 1 kwa saa za Nyeri. Kosa la siku nzima huanzia hapo. Ada zikiwa kwenye faili ya PDF, nayo ihifadhiwe kivyake, kisha ifunguliwe na kusomwa.