Dau Likiongezwa: Upokee au Uachie?

Mchezo wa bakgamoni unaelekea ukingoni. Mpinzani wako amebakiwa na kete mbili, moja kwenye pembetatu namba 3 na nyingine namba 2. Zako nazo ni mbili, zote namba 1, kwa hiyo ukipata zamu umemaliza. Lakini zamu ni yake. Kabla ya kurusha dadu, anausogeza mchemraba mbele yako: dau liwe mara mbili.

Mchemraba huo ulianza kutumika New York miaka ya 1920, na nyuso zake zina namba 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Ukikataa, mchezo umeisha na umepoteza dau lililopo. Ukikubali, dau linakuwa maradufu na mchemraba unakaa kwako. Kuanzia hapo ni wewe tu unayeweza kuongeza tena.

Wengi hapa hukataa, kwa kuwa wanaona wameshazidiwa. Kuzidiwa hakutoshi. Dadu mbili huanguka kwa namna 36. Mpinzani atashindwa kutoa kete zote mbili ikiwa tu dadu mojawapo itaonyesha 1, na namna hizo ni 11. Tuseme dau ni pointi 1 na hali hii imejirudia mara 36. Ukikataa kila mara, umepoteza pointi 36. Ukikubali, utashinda mara 11 kwa pointi 2, yaani 22, na kushindwa mara 25, yaani 50. Hasara yako ni 28. Bado ni hasara, ila ni nafuu kuliko 36, basi pokea.

Sasa zihamishe kete zake ziwe namba 4 na namba 1. Namna za kumwangusha zimebaki 7. Ukikubali unapata 14 na kupoteza 58, hasara 44. Hapo achia. Mpaka uko kwenye 9 kati ya 36, yaani robo: ukiwa na robo ya nafasi za kushinda, kukubali na kukataa ni sawasawa. Anayeongeza naye, kwenye mrusho wa mwisho kama huu, anahitaji kuzidi nusu tu. Kete zake zingekuwa namba 5 na namba 2, zinazotoka kwa namna 19, bado angefanya vyema kuongeza.

Mbio zikiwa ndefu, namna 36 hazihesabiki kirahisi. Ndipo tunapohesabu hatua. Kete zikishapishana na hakuna tena wa kumpiga mwenzake, zidisha idadi ya kete kwa namba ya pembetatu zilipo, kisha jumlisha. Mwenye zamu ana kete 3 namba 8, 4 namba 6, 3 namba 5, 2 namba 4 na 3 namba 3. Hizo ni 24, 24, 15, 8 na 9, jumla 80. Wewe una 4 namba 8, 5 namba 6, 3 namba 5 na 3 namba 4, jumla 89.

Wachezaji hutumia kanuni ya 8, 9, 12, na asilimia zote huchukuliwa kwenye hesabu ya mwenye zamu. Akitangulia kwa asilimia 8 anaweza kuongeza mara ya kwanza. Kama mchemraba tayari ni wake, asubiri asilimia 9, maana akiongeza anaukabidhi kwako. Wewe pokea mpaka uachwe kwa asilimia 12. Asilimia 8 ya 80 ni 6.4, na 12 ni 9.6. Amekutangulia kwa hatua 9: yeye ana haki ya kuongeza, nawe una haki ya kupokea. Ungekuwa na 90, ungeachia.

Hesabu hii hudanganya kete zikirundikana karibu na mlango. Kete moja namba 3 ni hatua 3, na hakuna mrusho usioitoa. Kete tatu namba 1 nazo ni hatua 3, lakini haziwezi kutoka zote kwa mrusho mmoja isipokuwa dadu zianguke pacha, mara 6 tu kati ya 36. Ndiyo sababu Tom Keith, katika njia yake ya kuhesabu, humwongezea mchezaji hatua 2 kwa kila kete inayozidi ya kwanza kwenye namba 1, na hatua 1 kwa kila inayozidi ya kwanza kwenye namba 2. Pembetatu namba 4, 5 au 6 ikiwa tupu, kila moja huongeza 1 pia. Kwa hiyo, kabla ya kuukataa mchemraba wa mtu aliyekutangulia, tazama amerundika nini namba 1. Na kama kete zenu bado zinaweza kupigana, weka kando kanuni ya 8, 9, 12: kete moja ikipigwa hurudi mwanzo wa safari yake, na hatua zako zote zimebadilika.