Jenereta mbili, bwawa moja la maji

Chukua mfano wa jenereta ya akiba ambayo kwa wastani huwa tayari kwa saa 980, kisha huharibika na kutengenezwa kwa saa 20. Gawanya 980 kwa 1,000: iko tayari asilimia 98 ya muda. Kwa mwaka wenye saa 8,760, hiyo ni kama saa 175 za kutoitegemea.

Ukiongeza jenereta ya pili inayoweza kubeba mzigo wote peke yake, hesabu hupendeza sana. Zidisha 0.02 kwa 0.02, upate 0.0004, yaani takriban saa tatu na nusu tu kwa mwaka ambapo zote mbili ni mbovu.

Lakini kuzidisha huko kunadai kila moja iharibike kivyake. Je, zikinywa dizeli ya tangi moja lenye maji? Ikiwa asilimia 5 tu ya ubovu huzipata pamoja, zidisha 0.02 kwa 0.05: karibu saa tisa zaidi. Sababu ya pamoja sasa ndiyo hatari kubwa, na jenereta ya tatu kwenye tangi lilelile haiigusi.

Japani ililiona hilo tarehe 11 Machi 2011. Tsunami ilipofurika kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, kati ya jenereta 13 za dharura ni moja tu, ya mtambo namba 6, iliyoendelea kutoa umeme. Hiyo ilipozwa kwa hewa, si kwa maji ya bahari, na ilikaa mahali pa juu zaidi.