Harufu ya Mchaichai na Herufi Mbili, E na Z

Harufu ya limau inayopanda unapochemsha mchaichai hutokana hasa na kitu kiitwacho sitrali. Sitrali si molekuli ya aina moja. Ni mchanganyiko wa molekuli mbili, geraniali na nerali, zenye atomi zilezile kwa idadi ileile na zilizounganishwa kwa mpangilio uleule: `(CH3)2C=CH-CH2-CH2-C(CH3)=CH-CHO`. Tofauti yao ni upande ambao vipande vimekaa kwenye kifungo maradufu kimoja.

Ubao ulioshikwa kwa msumari mmoja huzunguka, ila ukipigwa wa pili hautikisiki. Kaboni mbili zilizoungana kwa kifungo kimoja huzunguka hivyohivyo, na zikiungana kwa kifungo maradufu hukwama. Kilicho juu hubaki juu, kilicho chini hubaki chini. Molekuli za namna hii huitwa alkeni, na mara nyingi jina la alkeni halijakamilika mpaka liseme nani yuko upande gani.

Kwa muda mrefu wanakemia walitumia maneno mawili ya Kilatini: cis, yaani upande huu, na trans, yaani ng'ambo. Yanatosha kabisa pale kila kaboni ya kifungo inapobeba hidrojeni moja na kipande kingine kimoja. Unatazama vile vipande viwili tu: vikiwa upande mmoja ni cis, vikipishana ni trans.

Sasa rudi kwenye geraniali. Kaboni namba 2 imebeba kundi la `CHO` na hidrojeni. Kaboni namba 3 haina hidrojeni; imebeba methili, yaani `CH3`, pamoja na mnyororo mrefu. Kifungo kimezungukwa na vipande vitatu na hidrojeni moja tu. `CHO` ilinganishwe na nani? Anayeitazama methili ataona ziko upande mmoja, aseme cis. Anayeutazama mnyororo ataona uko ng'ambo, aseme trans. Wote wawili wameona sawasawa, lakini molekuli moja imepewa majina mawili yanayopingana.

Mwaka 1968 wanakemia wa Marekani walipendekeza njia isiyoacha nafasi ya kuchagua. Waliazima kanuni za kupanga vyeo zilizotungwa na Cahn, Ingold na Prelog. Kila kaboni ya kifungo huamuliwa peke yake: kati ya vipande vyake viwili, kipi kina cheo cha juu? Kisha washindi wawili hutazamwa. Wakiwa upande mmoja herufi ni Z, kutoka neno la Kijerumani zusammen, yaani pamoja. Wakipishana ni E, kutoka entgegen, yaani mkabala.

Cheo hutokana na namba ya atomu. Kwenye kaboni namba 2, `CHO` inaanza na kaboni, ambayo namba yake ni 6, na mpinzani wake ni hidrojeni, yenye namba 1. `CHO` inashinda. Kwenye kaboni namba 3, methili na mnyororo vyote vinaanza na kaboni, kwa hiyo tunasogea hatua moja mbele. Kaboni ya methili imeshika hidrojeni tatu. Ile ya mnyororo imeshika kaboni moja na hidrojeni mbili. Kaboni inaishinda hidrojeni, basi mnyororo unashinda. Katika geraniali washindi wanapishana, hivyo ni E. Katika nerali wako upande mmoja, hivyo ni Z.

Molekuli hizi zina kifungo maradufu kingine, namba 6, ambacho hakipewi herufi. Mwisho wake una methili mbili zinazofanana, kwa hiyo hata ukizibadilishana hakuna kinachogeuka.

Wanafunzi wengi hukosea kwa kupima ukubwa wa kipande kizima. Linganisha `CH2OH` na `C(CH3)3`. Cha pili ni kizito zaidi, lakini kinashindwa. Baada ya kaboni ya kwanza, kimoja kina oksijeni na kingine kina kaboni tu, na shindano huishia pale tofauti ya kwanza inapoonekana.

Kosa jingine ni kudhani kwamba E ni jina jipya la trans. Chukua geraniali, ondoa methili ya kaboni namba 3, weka klorini mahali pake. Mnyororo haukusogea, wala `CHO` haikusogea. Lakini klorini, yenye namba 17, sasa inaushinda mnyororo, nayo imekaa upande wa `CHO`. Herufi inageuka kutoka E kuwa Z, ingawa hakuna kipande kilichohama upande. Ndiyo maana herufi haikaririwi wala haihamishwi kutoka molekuli moja hadi nyingine. Kila kifungo hupangiwa vyeo vyake upya.