Picha Hukataa Mzigo, Haiukubali

Simu ilipita mkono kwa mkono, safu hadi safu. Kwenye kioo kulikuwa na picha tatu ambazo wakala wa Guangzhou anaweza kumtumia mteja wake wa Kariakoo kwa WhatsApp: kikokotoo cha Casio fx-82MS, boksi la kalamu za rangi za Stabilo na cheti chenye mhuri mwekundu. Dada aliyekaribishwa kuzungumza alitupa dakika mbili. Alikuwa ameziandaa picha hizo mwenyewe kwa ajili ya somo. "Shule zinafunguliwa Januari," alisema, "na wakala anataka malipo ya awali leo. Mnalipa au hamlipi?"

Wanachama wetu wote ni wauzaji wa vifaa vya shule. Mikono mingi ilinyooshwa kukubali, kwa sababu bei ilikuwa nzuri na picha zilikuwa safi.

Usafi huo ndio alioanza nao. Picha ya kikokotoo ilikuwa na mandhari meupe, bila kivuli wala meza. Aliipakia kwenye Google Lens, na picha ile ile ikatokea katika maduka mengi ya mtandaoni. Hilo halimaanishi kwamba bidhaa ni feki, alisema, kwani hata muuzaji mwaminifu hutumia picha za katalogi. Maana yake ni kwamba bado hujaonyeshwa mzigo wako. Kwa hiyo mwombe wakala aweke juu ya katoni karatasi yenye jina la duka lako na tarehe ya leo, iliyoandikwa kwa mkono, kisha apige picha upya: mbele, nyuma, kwenye lebo na ndani ya kifuniko cha betri. Azitume kama dokumenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha ya kawaida na maandishi madogo ya lebo hupotea.

Baada ya hapo aliikuza picha ya kikokotoo. Juu ya vitufe, jina la Casio lilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Wengi tungeishia hapo. Yeye akaweka kidole pembeni mwa kioo cha namba, penye kipande cheusi cha sola. "Hii imeandikwa fx-82MS," alisema. "Sola inafanya nini hapa?"

Kumbe fx-82MS hutumia betri peke yake. Ndugu yake mwenye sola na betri pamoja ni fx-85MS. Aliyetengeneza kikokotoo cha pichani alibandika kipande cha sola ili kipendeze, na hapo akajianika. Somo alilolitoa ni kwamba chapa haithibitishwi kwa jina, maana jina ndilo jambo la kwanza ambalo mwigaji hulipatia. Mwigaji hukosea kwenye uhusiano kati ya modeli na umbile lake. Fungua tovuti ya mtengenezaji mwenyewe, tafuta modeli hiyo hiyo, weka picha mbili sambamba, kisha linganisha idadi ya vitufe, mpangilio wake, maandishi yaliyo juu ya kioo na mahali pa betri.

Picha ya pili ilikuwa ya boksi la kalamu. Hapa alitutaka tutoe karatasi. Bakodi ya kawaida ya tarakimu 13 ina kinga yake ndani: tarakimu ya mwisho hupatikana kwa kuzikokotoa 12 zilizotangulia. Alituandikia ubaoni bakodi halisi ya kalamu ya Stabilo, 4006381333931. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea hadi ya kumi na moja: 4+0+3+1+3+9, unapata 20. Jumlisha ya pili, ya nne, ya sita hadi ya kumi na mbili: 0+6+8+3+3+3, unapata 23. Hizo 23 zidishe kwa 3, zinakuwa 69. Ongeza 20, jumla ni 89. Ili ufike 90 unahitaji 1, na 1 ndiyo tarakimu ya mwisho. Hesabu imekubali.

Kwenye boksi la pichani namba ilikuwa hiyo hiyo, ila iliishia na 7. Huwezi kuipata 7 kwa hesabu hiyo hata ungefanyaje. Aliyeandika lebo alibuni au alikosea, na kiwanda chenye chapa yake hakichapishi kosa hilo kwenye maelfu ya maboksi.

Mzee mmoja aliuliza, "Lakini dada, si tunaambiwa bakodi ikianza na 690 ni mali ya Uchina, yaani feki?" Hapana, alijibu. Tarakimu za mwanzo huonyesha nchi ambayo kampuni ilisajiliwa na shirika la bakodi la GS1: 690 hadi 699 ni Uchina, 400 hadi 440 ni Ujerumani, 620 ni Tanzania. Hazisemi kiwanda kiko wapi. Kampuni ya Japani inaweza kutengeneza bidhaa Uchina, ikaandika hivyo mgongoni mwake, na bakodi ikabaki ya Japani. Ukitaka kujua namba ni ya nani, iingize kwenye ukurasa wa Verified by GS1, usome jina la kampuni. Ukikuta kampuni nyingine kabisa, mzigo huo uache.

Picha ya tatu, ile ya cheti, ndiyo iliyowashangaza wengi. Cheti kilionyesha kwamba jina linalofanana na chapa maarufu limesajiliwa Uchina. Alisema cheti cha namna hiyo kinaweza kuwa halali kabisa huko na kisikusaidie chochote Kariakoo, kwa sababu usajili wa alama ya biashara huishia mpakani. Tanzania Bara daftari lake liko BRELA, na Zanzibar ina daftari lake. Kinachokuhusu ni nani anaimiliki alama hiyo hapa, na kwa bidhaa za daraja gani: vikokotoo viko daraja la 9, kalamu na karatasi daraja la 16. Katika branddb.wipo.int unaweza kupakia picha ya nembo yenyewe, ukaona alama zinazofanana nayo na wamiliki wake. Kisha uliza BRELA kabla ya kulipa, kwa sababu bidhaa ya kuiga ikikamatwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, anayeandikiwa ni wewe mwenye mzigo. Wakala yuko Guangzhou.

Kijana aliyekaa nyuma ndiye aliyeuliza swali ambalo wote tulikuwa nalo: "Na kama picha zote zimepita? Sola haipo, hesabu imekubali, jina la kampuni ni lenyewe?"

Dada alitabasamu. Mwigaji hodari, alisema, hunakili bakodi halisi nzima nzima, na hesabu yake itakubali kila mara. Hunakili lebo na boksi vilevile. Wino unaofutika, plastiki nyepesi na kitufe kinachokwama havionekani pichani. Kwa hiyo bakodi mbovu inatosha kuukataa mzigo, lakini bakodi nzuri haitoshi kuukubali.

"Picha zote zikipita," alimjibu, "umepata ruhusa ya kuagiza vipande vitano. Vikifika, vitumie dukani kwako wiki nzima. Ndipo uzungumze habari ya katoni."